Ukubwa wa Sampuli na Uzito wa Kosa katika Ukaguzi wa Ankara za Mauzo

Mkaguzi wa hesabu anayepima mauzo ya mwaka mzima kwa kuchunguza ankara chache hukabiliwa na maswali mawili: achukue ankara ngapi, na afanye nini na makosa atakayoyakuta ndani yake. Katika kazi nyingi maswali haya hutenganishwa, la kwanza likijibiwa kwa mazoea mwanzoni mwa kazi na la pili likijibiwa kwa mapatano na uongozi wa kampuni mwishoni, ilhali kwa hakika ni swali moja lililogawanyika katika nyakati mbili. Ukubwa wa sampuli ni ahadi anayojiwekea mkaguzi kuhusu kosa kubwa kiasi gani hatakubali limpite, na tathmini ya makosa ni kupima kama ahadi hiyo imetimia. Sampuli iliyochaguliwa bila kuwaza tathmini haiwezi kutathminiwa ipasavyo, na makosa yanayosahihishwa bila kurejeshwa kwenye kundi zima lililotoa sampuli huacha sehemu kubwa ya tatizo mahali pale pale lilipokuwa.

Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 530, ambacho hufuatwa pia na wakaguzi walio chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu nchini Tanzania, hakitaji idadi yoyote ya ankara. Kinataka ukubwa wa sampuli utoshe kuishusha hatari ya sampuli, yaani hatari ya kufikia hitimisho ambalo lingekuwa tofauti kama kundi zima lingechunguzwa, hadi kiwango cha chini kinachokubalika, na kinamtaka mkaguzi akadirie kosa la kundi zima kutokana na makosa aliyoyakuta. Namna ya kufanya hivyo imeachiwa taaluma, na njia inayozifaa zaidi ankara za mauzo ni ile inayoihesabu kila shilingi, badala ya kila ankara, kuwa kitu kimoja kinachoweza kuchaguliwa. Njia hiyo ilikuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Kenneth Stringer wa kampuni ya ukaguzi ya Haskins & Sells nchini Marekani, kwa msaada wa mwanatakwimu Frederick Stephan, na kanuni ya tathmini inayotumika katika uchambuzi huu hadi leo inaitwa kwa jina la Stringer.

Ili hoja zisibaki hewani, mfano mmoja wa kubuni utafuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kampuni inauza saruji, nondo na mabati kwa jumla jijini Dar es Salaam, na mwaka wake wa hesabu unaishia tarehe 31 Desemba. Daftari lake la mauzo lina ankara 8,400 zenye jumla ya shilingi bilioni 6. Kiwango cha umuhimu, yaani kiasi cha kosa ambacho kikipitwa kinaweza kubadili uamuzi wa msomaji wa hesabu, kimewekwa kuwa shilingi milioni 240, na kwa kuwa makosa madogo madogo ya maeneo mbalimbali yanaweza kujumlishana, mkaguzi ameamua kwamba katika mauzo hatavumilia kosa linalozidi milioni 180. Kiasi hicho cha pili ndicho kosa linalovumilika, na ndicho mhimili wa hesabu zote zitakazofuata.

Kabla ya idadi yoyote kutajwa, kundi lenyewe linapaswa kufahamika. Jambo linaloogopwa zaidi katika mauzo ni kukuzwa kwake, yaani kuandikwa kwa mauzo ambayo hayakutokea, au yaliyotokea kwa kiasi kidogo, au yaliyotokea mwaka mwingine. Hofu hiyo hupimwa kwa kuanzia kwenye daftari la mauzo na kurudi nyuma hadi kwenye hati ya kupelekea mzigo iliyosainiwa na mteja, oda yake na orodha ya bei. Anayeogopa kinyume chake, kwamba mauzo mengine hayakuandikwa kabisa, hapaswi kuanzia kwenye daftari, kwa sababu ankara isiyoandikwa humo haina njia ya kuchaguliwa hata sampuli ikiwa kubwa namna gani. Huyo ataanzia kwenye hati za kupelekea mizigo zilizokaa ghalani na kutafuta ankara zake. Makundi hayo ni mawili, yanajibu maswali mawili, na sampuli moja haiwezi kuyatumikia yote.

Mtego mwingine umo katika chanzo cha orodha. Mkaguzi akichukua ripoti ya mauzo inayotoka kwenye mashine ya EFD, atakuta jumla inayokaribia bilioni 7.08, kwa sababu ripoti hiyo ina Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ilhali mauzo yaliyo katika leja hayana kodi hiyo. Sampuli inayotolewa kutoka orodha ya kwanza na kutathminiwa dhidi ya jumla ya pili itapotosha kila kipimo kinachofuata. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kweli ni kuijumlisha orodha upya na kuhakikisha kuwa jumla yake inalingana na leja shilingi kwa shilingi, kisha kuziondoa hati za kumpunguzia mteja deni, ambazo zina kiasi hasi, na kuzipima peke yake. Ripoti ya mashine ya EFD hubaki na manufaa yake kama ushahidi wa kulinganisha, lakini haipaswi kuchukua nafasi ya kundi linalokaguliwa.

Sasa linaweza kuulizwa swali la idadi, na mantiki yake huonekana kwa urahisi zaidi ikianzia kwenye uwezekano wa kukosa. Iwapo asilimia 5 ya vitu vyote katika kundi vina kosa, uwezekano wa kitu kimoja kilichochaguliwa kwa bahati kuwa safi ni 0.95, na uwezekano wa vitu 59 kuwa safi vyote ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara 59, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 5. Maana yake ni kwamba mkaguzi aliyechunguza vitu 59 bila kukuta kosa lolote ana uhakika wa asilimia 95 kwamba kosa halifiki asilimia 5 ya kundi. Wakaguzi hulifupisha fundisho hili kwa kigezo cha 3.00: kigezo hicho kikigawanywa kwa uwiano wa kosa linalovumilika hutoa ukubwa wa sampuli, na 3.00 kwa 0.05 ni 60, ambayo haiko mbali na 59.

Katika hesabu hiyo ukubwa wa kundi haukutajwa popote, na hilo huwashangaza wengi wanaodhani kwamba kampuni yenye ankara nyingi mara kumi inahitaji sampuli kubwa mara kumi. Hesabu kamili inayozingatia ukubwa wa kundi inaonyesha kwamba ankara 8,400 zinahitaji sampuli ya 59 na ankara 500 zinahitaji 56, tofauti ya ankara 3 tu. Kanuni za zamani za kuchukua asilimia fulani ya ankara zote, ambazo bado zinaonekana katika makabrasha ya baadhi ya ofisi, humlemea mkaguzi wa kampuni kubwa kwa kazi isiyo na faida na humpa mkaguzi wa kampuni ndogo utulivu asioustahili. Kinachoiongoza idadi ni mambo matatu: kosa linalovumilika, kosa linalotarajiwa, na kiwango cha uhakika kinachotakiwa.

Hata hivyo, kuhesabu ankara zenye makosa hakumwambii mkaguzi kosa hilo ni la shilingi ngapi, kwa kuwa ankara moja ya saruji inaweza kuwa ya laki mbili na nyingine ya milioni sabini. Hapo ndipo shilingi inapochukua nafasi ya ankara. Kundi huhesabiwa kuwa na vitu bilioni 6, kila shilingi ikiwa kitu kimoja, na milioni 180 zinazovumilika ni asilimia 3 ya shilingi hizo. Kama mkaguzi hatarajii kosa lolote, 3.00 ikigawanywa kwa 0.03 hutoa sampuli ya shilingi 100, yaani shilingi moja katika kila milioni 60. Umbali huo kati ya shilingi moja iliyochaguliwa na inayofuata huitwa hatua ya uchaguzi.

Kutotarajia kosa lolote, lakini, ni matumaini ambayo ankara za mauzo hazikawii kuyavunja. Sampuli iliyopimwa hivyo haina nafasi ya kupumua: kosa moja tu, hata dogo, hukipeleka kikomo cha juu ng'ambo ya kiasi kinachovumilika, na mkaguzi hulazimika ama kuongeza kazi ama kukataa hesabu ambazo huenda ni sahihi. Kwa hiyo kosa linalotarajiwa huwekwa mapema, kwa kutazama makosa ya miaka iliyopita na udhibiti wa ndani ulivyo. Katika mfano huu mkaguzi anatarajia kosa la milioni 18, na kwa kuwa makadirio hayo nayo yana shaka yake, huyakuza kwa kigezo cha 1.6 kinachotumika kwenye uhakika wa asilimia 95. Milioni 180 zikiondolewa milioni 28.8 hubaki milioni 151.2, na hizo zikigawanywa kwa 3.00 hutoa hatua ya milioni 50.4. Mkaguzi anaichukua hatua ya milioni 50 kamili, na hivyo sampuli inakuwa ya shilingi 120 badala ya 100.

Uhakika wa asilimia 95 nao si amri isiyobadilika. Iwapo mkaguzi amekwisha kupima udhibiti wa kampuni, kwa mfano kama kila ankara hulinganishwa na hati ya mzigo kabla ya kutumwa, na akaukuta unafanya kazi, anaweza kutosheka na uhakika wa asilimia 90 ambao kigezo chake ni 2.31, na sampuli ikapungua. Lakini punguzo hilo lazima liwe limelipiwa kwa ushahidi. Mazoea ya kuchagua ankara 25 kwa sababu mwaka uliopita zilikuwa 25 hayana utetezi wa namna hiyo: hata zikitoka zote safi, na hata zikiwa zimechaguliwa kwa njia ya shilingi, 3.00 ikigawanywa kwa 25 ni asilimia 12, na asilimia 12 ya bilioni 6 ni milioni 720. Mkaguzi wa namna hiyo amejihakikishia tu kwamba kosa halizidi mara nne ya kile alichosema hawezi kukivumilia, na hakuna usafi wa karatasi zake za kazi unaoweza kuufunika upungufu huo.

Uchaguzi wenyewe ni rahisi. Ankara zote zinazofikia au kuzidi hatua ya milioni 50 huondolewa kwanza na kuchunguzwa moja kwa moja, kwa kuwa hakuna namna ya kuziruka. Katika mfano huu zipo 6 zenye jumla ya milioni 400. Kwa bilioni 5.6 zilizobaki, kompyuta huchagua kwa bahati namba moja kati ya 1 na milioni 50, tuseme 17,350,000, kisha hujumlisha ankara kwa mpangilio wa daftari hadi kuifikia shilingi hiyo, na ankara iliyoibeba huchukuliwa. Inayofuata ni ile yenye shilingi ya 67,350,000, halafu 117,350,000, hadi mwisho, na shilingi 112 hupatikana. Ankara ya milioni 2.4 ina uwezekano wa asilimia 4.8 wa kuchaguliwa, na ankara ya milioni 24 ina uwezekano mara kumi ya huo, jambo linaloiweka nguvu ya mkaguzi pale fedha zilipo. Kwa sababu hiyo hiyo njia hii ni dhaifu dhidi ya ankara iliyoandikwa kiasi kidogo kuliko haki yake, maana udogo ulioandikwa ndio unaoificha.

Tuchukulie kwamba ankara 118 zimechunguzwa na makosa manne yamepatikana, yote ya kuyakuza mauzo. Miongoni mwa ankara kubwa, moja ya milioni 72 iliyotumwa kwa mkandarasi imejumuisha usafiri wa milioni 3, ingawa kwa mujibu wa mkataba mkandarasi alijisafirishia mwenyewe. Katika zile zilizochaguliwa kwa bahati, ankara ya milioni 2.4 imeandikwa tarehe 29 Desemba, lakini hati ya mzigo inaonyesha kwamba nondo ziliondoka ghalani tarehe 4 Januari. Ankara ya pili, ya milioni 1.5, ni ya mabati ya stoki ya zamani yaliyokuwa yakiuzwa kwa punguzo la asilimia 20, na punguzo hilo halikuingizwa, hivyo kiasi sahihi ni milioni 1.2. Ya tatu, ya laki nane, inadai mabati 40 ilhali mteja aliyakataa mawili kwa kuwa yamepinda, na kosa lake ni shilingi 40,000.

Kwa pamoja makosa hayo ni shilingi milioni 5.74, kiasi kinachoonekana kidogo mno mbele ya bilioni 6, na hapo ndipo mhasibu mkuu wa kampuni husema, kwa nia njema kabisa, kwamba atayasahihisha yote manne jioni ile ile na mjadala uishe. Pendekezo hilo linapaswa kukubaliwa kwa upande wa usahihishaji na kukataliwa kwa upande wa kuisha kwa mjadala. Ankara tatu za bahati hazikuchaguliwa kwa sababu zina makosa; zilichaguliwa kwa niaba ya nyingine ambazo hazikuonekana, na kuzisafisha tatu hizo hakuzisafishi zile zilizobaki gizani.

Namna ya kuwasikiliza wawakilishi hao ni kutafuta uwiano wa kosa katika kila ankara, yaani kosa likigawanywa kwa kiasi kilichoandikwa. Ankara ya nondo si mauzo ya mwaka huu hata shilingi moja, hivyo uwiano wake ni asilimia 100. Ya punguzo ni asilimia 20. Ya mabati mawili ni asilimia 5. Kila shilingi iliyochaguliwa iliwakilisha milioni 50, kwa hiyo makadirio ya kosa ni milioni 50 kwa ya kwanza, milioni 10 kwa ya pili na milioni 2.5 kwa ya tatu, jumla milioni 62.5. Kosa la milioni 3 kwenye ankara kubwa halikuzwi, kwa sababu ankara zote za kundi hilo zilichunguzwa na hakuna iliyobaki ya kuwakilishwa. Kadirio bora la kosa la mauzo yote ni milioni 65.5, zaidi ya mara kumi na moja ya kile kilichoonekana kwa macho.

Hata kadirio hilo halitoshi, maana sampuli nyingine ya bahati ingetoa kadirio jingine, na mkaguzi anahitaji kujua kosa linaweza kufika wapi kabla ya kuuvuka uhakika wake wa asilimia 95. Kikomo hicho cha juu hujengwa kwa tabaka. Tabaka la kwanza lipo hata kama hakuna kosa lililopatikana: 3.00 mara milioni 50, yaani milioni 150, ambazo ni gharama ya kutotazama kila kitu. Kosa linapopatikana kigezo hupanda kutoka 3.00 hadi 4.75, kisha 6.30, kisha 7.76, na nyongeza za 1.75, 1.55 na 1.46 huzidishwa kwa makadirio ya makosa yakiwa yamepangwa kuanzia uwiano mkubwa hadi mdogo. Milioni 50 mara 1.75 ni 87.5, milioni 10 mara 1.55 ni 15.5, milioni 2.5 mara 1.46 ni 3.65. Zikijumlishwa na 150 za mwanzo na milioni 3 za ankara kubwa, kikomo cha juu kinafika milioni 259.65, mbali juu ya milioni 180 zinazovumilika na juu hata ya kiwango cha umuhimu cha hesabu nzima.

Mtazamo wa haraka unaonyesha anayekipandisha kikomo hicho ni nani. Ankara moja ya nondo, ya milioni 2.4, imeongeza peke yake milioni 87.5, na bila hiyo hitimisho lingekuwa tofauti kabisa. Kishawishi kinachofuata ni kuiita kosa la pekee, yaani kosa lisilowakilisha kundi, na kuiondoa katika makadirio. Kiwango namba 530 kinaliruhusu hilo katika mazingira ya nadra sana tu, na kinadai uhakika wa hali ya juu unaotokana na kazi ya ziada. Maelezo ya karani kwamba alikuwa na haraka ya kufunga mwaka si kazi ya ziada, na haraka ya kufunga mwaka haimkumbi karani mmoja kwa ankara moja.

Lakini kukataa kuliondoa kosa si lazima kuishie hapo, na hapa ndipo ustadi wa tathmini unapojitenga na hesabu tupu, kwa kuwa kila kosa lina chanzo na chanzo kinaweza kuwa na mipaka. Ankara iliyoandikwa mwishoni mwa Juni kwa mzigo ulioondoka mwanzoni mwa Julai imekosea mwezi lakini haijakosea mwaka. Madhara ya kosa la aina hii huonekana tu pale mzigo unapouvuka mwaka. Tena, kila ankara ya namna hiyo ina alama inayoweza kufuatwa: hati ya kupelekea mzigo ya mwaka mpya inayotaja namba ya ankara ya mwaka wa zamani. Mkaguzi hahitaji basi kukisia ni siku ngapi za Desemba zichunguzwe, na hata hapaswi kufanya hivyo, maana ankara ya Novemba nayo inaweza kuwa ya mzigo uliolala ghalani hadi Januari. Anachohitaji ni kuzichukua hati zote za mizigo tangu tarehe 1 Januari hadi siku ya kazi yake, kwa mfuatano wa namba usio na pengo, na kuzitoa zote zinazorejea kwenye ankara za hadi tarehe 31 Desemba.

Katika mfano huu zinapatikana ankara 11 zenye jumla ya milioni 23.6, ile ya nondo ikiwa miongoni mwake. Kila moja husomwa pamoja na makubaliano yake, kwa sababu mteja aliyenunua na kuomba mwenyewe mzigo wake utunzwe anaweza kuwa amekwisha kuumiliki, na katika hali hiyo mauzo yanaweza kuwa halali ingawa mzigo haujaondoka. Tuseme hapa hakuna iliyo na makubaliano hayo. Kampuni inaziondoa milioni 23.6 kwenye mauzo, na mkaguzi anafuatilia pia kama mizigo hiyo ilihesabiwa katika stoki tarehe 31 Desemba, kwa kuwa kilichokwisha kuhesabiwa ghalani na kuandikwa kama mauzo kwa wakati mmoja kimeipandisha faida kwa bei yake yote, ilhali kisichohesabiwa kinahitaji stoki na gharama yake nayo virekebishwe.

Sasa aina hiyo ya ankara imechunguzwa yote, kama zilivyochunguzwa ankara kubwa, na haihitaji tena kuwakilishwa na sampuli. Inaondoka kwenye kundi pamoja na kosa lake, na tathmini ya kundi lililobaki inafanywa upya kwa hatua ile ile: milioni 150 za mwanzo, milioni 10 mara 1.75 ambazo ni 17.5, na milioni 2.5 mara 1.55 ambazo ni karibu 3.9. Kikomo kipya ni milioni 171.4, na milioni 3 za mkandarasi zikiwa zimekwisha kusahihishwa, hakuna la kuongeza juu yake. Kikomo kiko ndani ya milioni 180, na kadirio la milioni 12.5 halikuzidi milioni 18 zilizotarajiwa wakati wa kupanga, dalili kwamba sampuli ilipimwa kwa kosa la aina iliyokutwa. Ikumbukwe kwamba kadirio la awali kwa ankara ya nondo lilikuwa milioni 50 na kosa halisi likawa milioni 23.6; kadirio halikuwa uongo, bali lilikuwa sauti ya ushahidi uliokuwepo kabla ya hati za Januari kufunguliwa.

Njia hii ya kulitenga kosa kwa chanzo chake ina sharti ambalo si rahisi kulitimiza kila mara. Punguzo lisiloingizwa, kwa mfano, linaonekana kuhusu mabati ya stoki ya zamani pekee, na inavutia kusema kwamba ankara zote za bidhaa hiyo zichunguzwe na mambo yaishe. Lakini iwapo chanzo ni kwamba orodha ya bei kwenye kompyuta huhuishwa kwa mkono na mtu mmoja, basi kila bidhaa iliyowahi kupunguzwa bei iko hatarini, na mpaka uliochorwa kwenye mabati ni mpaka wa mahali kosa lilipoonekana, si wa mahali linapoweza kutokea. Mkaguzi anayechora mpaka lazima aweze kueleza ni kitu gani kinalizuia kosa lisiuvuke. Asipoweza, makadirio yabaki kama yalivyo, na ndivyo yalivyoachwa katika mfano huu.

Zipo pia ankara ambazo hazina kosa la hesabu ila hazina hati. Ankara iliyochaguliwa na ikaonekana ilifutwa kihalali, nakala zake zote zikiwepo na leja ikiwa haina kiasi chake, inaweza kubadilishwa kwa nyingine. Ankara ambayo hati yake ya mzigo imepotea haibadilishwi, kwa sababu kuibadilisha ni kuyaondoa katika sampuli yale hasa yanayotia shaka; mkaguzi hutafuta ushahidi mbadala, kama vile malipo ya mteja yaliyoingia benki kwa ankara hiyo au uthibitisho wa maandishi kutoka kwa mteja mwenyewe, na vikikosekana ankara huhesabiwa kuwa na kosa la asilimia 100. Kwa hatua ya milioni 50, hati moja iliyopotea ina uzito sawa na ule wa nondo, na kampuni ikilifahamu hilo mapema hati nyingi zilizosemekana kupotea hupatikana.

Uzito wa kosa, tena, hauko katika shilingi peke yake. Kama miongoni mwa zile ankara 11 zilizouvuka mwaka zingekutwa tatu zenye saini ya mteja iliyoghushiwa, kikomo cha milioni 171.4 kisingekuwa na maana tena, kwa kuwa hesabu za sampuli hudhani kwamba hati zinazosomwa ni za kweli, na dhana hiyo ikivunjika kinachohitajika ni uchunguzi wa udanganyifu na wala si ankara nyingine 40. Ndiyo maana karatasi ya kazi inayoorodhesha makosa inapaswa kuonyesha, kando ya uwiano na makadirio, nani aliitoa ankara, nani aliiidhinisha na kosa lilimnufaisha nani.

Pale ambapo kikomo kinabaki juu ya kosa linalovumilika na hakuna chanzo kinachoweza kutengwa, njia zilizobaki ni chache na zote zina gharama. Sampuli inaweza kuongezwa, ingawa nyongeza ya ankara kumi au ishirini hubadilisha kidogo sana, na nyongeza yenye maana mara nyingi ni kuipunguza hatua kwa nusu, jambo linaloifanya kazi kuwa mara mbili. Uongozi unaweza kuombwa uzipitie ankara zote za aina inayohusika na kuzisahihisha, kisha mkaguzi apime upya kundi lililosafishwa kwa sampuli mpya. Uongozi ukikataa, makadirio yote, na si makosa yaliyoonekana tu, hupelekwa kwenye jedwali la makosa yasiyosahihishwa, yanajumlishwa na yale ya stoki, ya wadaiwa na ya maeneo mengine, na jumla hiyo ndiyo inayopimwa dhidi ya milioni 240 kabla ya maoni ya ukaguzi kuandikwa. Katika kampuni ya mfano huu, jedwali hilo litapokea kutoka kwenye mauzo shilingi milioni 12.5, zikipungua kwa 340,000 za ankara mbili zilizosahihishwa, pamoja na maelezo kwamba nafasi iliyobaki kati ya kikomo cha juu na kosa linalovumilika ni milioni 8.6 tu.